Bei ya Gunia, Bei ya Beseni

Katikati ya miaka ya sitini, shahada yangu ya pili ikiwa imekwama, nilirudi nyumbani Busia na sura mbili za tasnifu ambazo mwalimu aliyenisimamia hakuzikataa wala hakuzikubali. Pembeni mwa aya niliyoipenda kuliko zote alikuwa ameandika neno moja: "Kweli?" Aya hiyo ilidai kwamba bidhaa moja, katika soko moja, huelekea kuwa na bei moja, na kwamba tofauti yoyote inayobaki hutokana na gharama ya usafiri au na ujinga wa mnunuzi. Angeandika ukurasa mzima wa makosa, ningejua pa kuanzia. Neno moja lenye alama ya kuuliza lilinitikisa kuliko lawama. Nilipopanga foleni katika stesheni ya Kampala kukata tiketi ya daraja la tatu, nilikuwa bado ninabishana nalo kimoyomoyo.

Mbele yangu alisimama mama mwenye furushi la vitenge, naye akalipa nauli kamili hadi Tororo. Mimi nikapitisha dirishani karatasi yenye muhuri wa chuo, nikalipa nusu. Yule mama hakuwa ameondoka. Aliitazama tiketi yangu, akaitazama yake.

"Kijana, mimi na wewe tunakaa benchi moja?"

"Benchi moja, mama."

"Na wewe unashuka Tororo?"

"Ndiyo."

"Basi rudi dirishani, ninunulie na yangu kwa hiyo karatasi. Hii nitamrudishia."

Karani wa tiketi alicheka nyuma ya vyuma vyake. "Mama, hiyo karatasi imeandikwa jina lake. Ukiweza kuwa yeye, njoo."

"Ana viatu, mimi sina," mama akawaambia waliokuwa foleni, "na bado yeye ndiye anapunguziwa." Foleni nzima ikacheka, nami nikacheka kidogo, kwa adabu.

Kicheko kilikwisha lakini swali likapanda treni pamoja nami. Gharama ya kutuchukua ilikuwa moja. Injini haikuwa na habari nani ana karatasi. Ujinga pia haukuwapo, kwani mama alijua bei yangu hadi senti ya mwisho. Nilijaribu kusema kwamba ni wema wa reli kwa wasomi maskini, lakini wema haukutosha kueleza kwa nini jina langu liliandikwa kwa uangalifu ule. Kisha nikajiuliza ningefanya nini bila ile nusu. Ningeomba nafasi juu ya lori la pamba, au ningebaki chuoni. Mama hangebaki, wateja wake wa vitenge walikuwa Tororo. Reli basi ilichagua kati ya kupata nusu yangu na kukosa yote, wakati kiti changu kingesafiri hata kikiwa kitupu. Kwa mama haikuwa na uchaguzi wa namna hiyo, kwa sababu angelipa tu. Na jina liliandikwa ili nisiweze kumuuzia yeye nusu yangu. Niliridhika na maelezo hayo kwa muda wa stesheni mbili, kisha nikaanza kuyashuku.

Toka Tororo nilichukua basi hadi Busia, kwa senge. Huko kwetu senge ni shangazi, dada wa baba, na huyu ndiye aliyenilea. Mume wake alipofariki alimwachia mashine ya kusaga: injini ya dizeli iliyofungwa kwa mkanda mrefu kwenye mawe mawili, ndani ya banda la mabati kando ya barabara ya Tororo. Wanawake wa vijiji vya upande ule, na wengine waliotoka mbali kama Lunyo, walileta mahindi, wimbi, yaani ulezi, na muhogo mkavu vichwani kwenye mabeseni. Bei ilikuwa senti hamsini kwa debe, na ilijulikana kama jina la mtu linavyojulikana. Ubaguzi mmoja tu ulikuwapo, nao haukuandikwa popote: nyumba yenye msiba ilisagiwa bure hadi siku ya mazishi. Hakuna aliyewahi kuulalamikia.

Nilimkuta senge ameketi juu ya gunia saa za kazi, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Umekonda," alisema. "Chuoni wanawasomesha njaa?"

"Senge, kuna nini?"

"Kula kwanza."

Nilipomaliza kula alinieleza. Shule ya bweni iliyo mlimani, ambayo kwa miaka ilisaga mahindi ya wanafunzi kwake, ilikuwa imenunua lori. Mjini Tororo kulikuwa na mashine ya umeme iliyosaga haraka na kwa bei ndogo. Bwana mhasibu wa shule alikuwa amekuja na kofia yake mkononi, akasema kwa heshima zote kwamba muhula ukifunguliwa watasaga kwa senti thelathini kwa debe, kwake au Tororo.

"Na shule ikienda Tororo?" niliuliza.

"Mashine inalala siku tatu kwa wiki. Fundi hali usingizi, anakula ugali. Mwenye kiwanja naye anataka kodi. Nitafunga." Alisema neno hilo wazi kabisa. "Na nikikubali thelathini, kina mama wanakaa hapa asubuhi yote, wanasikia kila kitu. Kesho watataka thelathini. Nikiwapa wote thelathini, nitafunga vilevile, lakini nikiwa nimechoka zaidi."

Ningeweza kusema kwamba nilimhurumia, na ni kweli nilimhurumia, lakini hisia iliyotangulia ilikuwa udadisi, kama mtu anayeona mnyama aliyemsoma vitabuni anavuka njia. Nilimwomba fundi, mzee mkimya mwenye mafuta ya injini hadi kwenye nyusi, anisaidie kujua debe moja linakunywa dizeli kiasi gani. Tulipima, tukaongeza uchakavu wa mkanda na kuchonga mawe, tukapata kama senti ishirini. Mengine yote, yaani fundi, kodi na banda, yalilipwa hata injini ikilala.

"Senge," nilisema, "senti thelathini za shule zinazidi ishirini. Kila debe la shule linaleta kumi za kusaidia kodi. Ikienda Tororo hizo kumi hazipo, na kodi ni ileile, itabidi ibebwe na mabeseni peke yake."

"Kwa hiyo nikubali."

"Ukubali, lakini kwa shule tu."

"Kwa shule tu!" Alimgeukia fundi. "Unamsikia? Kampala wamemfundisha kuongea na mhasibu. Kuongea na mama wa Lunyo bado."

Tulishauriana siku hiyo yote. Mimi nilipendekeza bei ya shule iwe siri. Senge akasema siri haikai kwenye banda la mabati. Nilipendekeza ipandishwe ya mabeseni, akaniangalia tu. Mwishoni tulipata kanuni ambayo mimi niliiona safi: bei isifuate mtu, ifuate kipimo. Anayeleta gunia zima la mahindi analipa senti thelathini kwa debe. Anayeleta pungufu analipa hamsini. Shule haitajwi. Ilikuwa pia na ukweli fulani ndani yake, jambo lililonifariji, kwani gunia moja humiminwa mara moja na injini haisimami, ilhali mabeseni sita ni kusafisha mawe na kuchekecha mara sita. Fundi alikadiria kazi hiyo ya ziada kuwa senti chache kwa debe. Sehemu iliyobaki ya punguzo haikuwa gharama hata kidogo. Ilikuwa malipo ya lori la shule kutokwenda Tororo. Nililisema hilo kwa sauti, kwa kuwa nilitaka liwe sahihi, na senge akaniomba nisilirudie mbele ya wateja.

Mhasibu alikuja, akakubali, akavaa kofia yake. Kina mama walikuwa wameketi kivulini pa banda wakingoja zamu. Kati yao alikuwamo kiongozi wa umoja wa akina mama wa kanisa, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuongoza nyimbo, ambaye wote walimwita Mama Mkubwa. Alimsubiri mhasibu afike barabarani.

"Nyabo," alimwita senge, kwa neno letu la kumheshimu mwanamke, "nimesikia thelathini, ama masikio yangu yameingia unga?"

"Umesikia vizuri. Ni bei ya gunia."

"Nyumba ya matanga unasaga bure, tunaelewa. Kesho ni mimi, kesho kutwa ni wewe. Lakini shule iko na msiba gani?"

Wanawake waliangua kicheko. Senge mwenyewe alishindwa kujizuia.

"Haina msiba. Ina lori."

"Aa! Kumbe ni lori." Mama Mkubwa aliwageukia wenzake. "Mnasikia? Mwenye lori anapunguziwa, mwenye shingo analipa. Sasa huyu msomi atueleze. Wewe kijana, hiyo ni hesabu ya wapi?"

Nilisimama. Nilieleza, kwa Kiswahili ambacho bila shaka kilikuwa kirefu mno, kwamba anayeweza kwenda mahali pengine hupewa bei ya kumzuia, na asiyeweza hutozwa bei kamili. Kwamba wao wasingebeba mabeseni hadi Tororo kwa ajili ya senti ishirini. Kwamba bila shule mashine ingefungwa, nao wangerudi kwenye jiwe la kusagia nyumbani. Nilipofika hapo kicheko kilikoma, kwani wengi wao walikuwa na umri wa kulikumbuka jiwe hilo kwa magoti yao.

"Hilo la mwisho ni kweli," alisema Mama Mkubwa. "Hatutaki mashine ifungwe. Lakini wewe, nyabo, umesema gunia. Hukusema shule."

"Nimesema gunia," senge alikubali, pole pole, na nilimwona akitambua kitu sekunde moja kabla yangu.

Wiki iliyofuata umoja wa akina mama ulikuja na magunia yaliyojaa mahindi, juu ya baiskeli zilizosukumwa na waume zao. Walikuwa wamechanga, kila mmoja beseni lake, kama walivyozoea kuchanga nguvu kwa palizi, shamba la huyu leo na la yule kesho. Mama Mkubwa aliligonga gunia la kwanza kwa kiganja.

"Nyabo, mteja wa jumla amefika."

Senge alilisaga. Angefanya nini? Alichukua thelathini zake, na jioni akaniambia, bila hasira, "Kanuni yako imekwenda kanisani na ikaokoka."

Sikulala vizuri. Kosa lilikuwa wazi: reli iliandika jina langu kwenye karatasi ili bei ya chini isihame kutoka mkono wangu, nasi tulikuwa tumeandika bei ya chini juu ya gunia, kitu ambacho yeyote anaweza kukishona. Kama wote wangechanga, kila debe Busia lingesagwa kwa thelathini. Nilipiga hesabu upya na kila njia iliishia kwenye banda lililofungwa. Nilianza kuwaza kanuni mpya: barua yenye muhuri wa shule, gunia lenye alama, idadi ya magunia ambayo hakuna umoja ungeifikia. Senge alikataa zote moja baada ya nyingine. "Nikimwambia Mama Mkubwa gunia lake si gunia," alisema, "sitapata mteja hata nikisaga bure." Alikuwa amekwisha kuuliza bei ya kuiuza injini kwa mtu wa upande wa Kenya.

Tulingoja gunia la pili kama watu wanaongoja matokeo. Lilikuja, lakini wenye gunia walikuwa wamenuniana. Safari ya kwanza, walipogawana unga, mmoja alidai mahindi yake yalikuwa meupe na amerudishiwa unga wenye harufu ya fukusi.

"Mahindi ya fukusi yalikuwa ya nani?" aliuliza.

"Uliza gunia," alijibu mwingine. "Mimi yangu niliyachagua punje kwa punje."

"Uliyachagulia kuku."

Mama Mkubwa aliwatuliza, akaamua kwamba kila beseni likaguliwe kabla ya kumiminwa. Ukaguzi ulichukua asubuhi nzima. Wawili waliokuwa na haraka ya sokoni walitoa mabeseni yao kwenye foleni ya magunia, wakahamia foleni ya hamsini, wakalipa, wakaondoka. Niliwatazama wakienda kama mtu aliyeona nambari imejiandika yenyewe ukutani.

Kisha niliona jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yangu tangu utoto. Hakuna hata mmoja aliyeleta wimbi kwenye gunia la umoja. Kwetu, wimbi husagwa pamoja na muhogo mkavu, na kila nyumba ina kipimo chake: huyu huzidisha muhogo ili ugali uvutike, yule humtilia mama mkwe mtama kidogo. Mwanamke huolewa akakikuta kipimo hicho, na wageni huonja wakajua wako kwa nani. Kuchanganya wimbi lako na la jirani si kupunguza gharama. Ni kula kwa mtu mwingine nyumbani mwako. Nilimuuliza mama mmoja kwa nini asiliunganishe lake, akaniuliza kama mimi nina wazimu.

"Senge," nilisema, "sehemu gani ya kazi yako ni wimbi?"

Alitafakari. "Ukiondoa shule, zaidi ya nusu."

"Hilo halitaingia gunia kamwe."

Alianza kufuta meza iliyokuwa safi. Sikuwa nimegundua dawa. Nilikuwa nimegundua kwamba ugonjwa ulikuwa na mpaka. Wimbi lingebaki hamsini. Mahindi ya mwenye haraka, au ya asiyependa unga wa jirani, yangebaki hamsini. Ni mahindi ya mwenye subira peke yake yangeshuka, na hayo, kwa thelathini, yalikuwa bado juu ya ishirini za dizeli. Baadhi yake yalikuwa ya wanawake waliotwanga nyumbani kuepuka hamsini. Kwa hao senge hakupoteza kitu, aliongeza wateja. Mhasibu alipotaka shule isikawizwe na ukaguzi wa mabeseni, senge aliweka siku: magunia ya shule Jumatatu na Alhamisi, magunia ya umoja Jumanne, siku ambayo injini ilikuwa na kazi kidogo. Mabeseni siku yoyote.

Mama Mkubwa alisikiliza mpango huo akiwa ameshika kiuno.

"Kwa hiyo mwenye kuweza kungoja Jumanne anapata thelathini."

"Ndiyo."

"Na mwenye watoto wanaolia Ijumaa?"

"Hamsini."

"Unatupima njaa, nyabo."

"Ninapima Jumanne," senge alisema. "Njaa yako siijui. Ningeijua ningekuwa tajiri."

Walicheka wote wawili, ingawa Mama Mkubwa hakuondoa mkono kiunoni. Nami nilibaki na kauli ya senge, kwani ilikuwa sahihi kuliko yangu. Jumanne ilifanya kazi ileile ya jina kwenye karatasi ya chuo: iliwatenganisha watu bila mtu kuwauliza chochote. Tofauti ni kwamba hapa kila mmoja alijitenga mwenyewe. Sikuweza kuamua kama hilo liliufanya mpango kuwa wa haki zaidi, au rahisi zaidi kuvumilika tu. Niliandika kurasa kadhaa kwa upande mmoja na kadhaa kwa upande wa pili, na kwa mara ya kwanza tangu ile "Kweli?" mkono wangu haukusita juu ya karatasi.

Muhula ulipofunguliwa, lori la shule lilisimama mbele ya banda badala ya kupita kwenda Tororo. Mtu wa upande wa Kenya alikuja kuitazama injini, akaikuta inanguruma, akanywa chai na kurudi. Senge alimlipa mwenye kiwanja, na fundi akapata mkanda mpya.

Siku moja ya Jumanne, nikiwa nimebakiza siku chache kurudi chuoni, nilikuwa nikimsaidia kuchekecha. Umoja wa akina mama ulikuwa umepanga magunia yake. Kando yao alisimama bibi mmoja wa peke yake, na beseni la wimbi na muhogo lililofunikwa kwa jani la mgomba. Hakuwa wa umoja wowote. Alisagiwa, akafungua fundo la kitambaa chake, akatoa hamsini, kisha akaishikilia.

"Hawa thelathini, mimi hamsini," alimwambia senge. "Na mawe ni haya haya."

"Ni haya haya, mama."

"Siku mjukuu wangu atapata baiskeli, utasikia niko Tororo na wimbi langu."

Senge alipokea senti zake kwa mikono miwili, kama mtu anavyopokea kitu kutoka kwa mkubwa wake.

"Siku hiyo, mama," alisema, "pita hapa kwanza, tuongee bei."